Picha ya taili ya kundi la damu: namna ya kuisoma, na wakati wa kukataa kuisoma

Wadau wa maabara na manesi wa huku kusini, hii imeshakuwa kawaida yetu sasa, mtu yuko kituo cha afya huko ndani ndani Liwale au Kitangari, amepima kundi la damu kwenye taili, kishimo kimoja hakimweleweshi, basi anapiga picha anarusha wasapu kwa mwenzake wa wilayani, "kaka niangalizie hapa, hii D ni pozitivu au negativu?" Na anayepokea naye anajibu ndani ya sekunde kumi. Hapo kwenye hizo sekunde kumi ndipo shida inapoingia, kwa sababu picha ya taili ina mitego yake ambayo taili yenyewe mkononi haina. Nataka twende nayo taratibu kwa picha moja ya mfano, mama mjamzito wa wiki 30, taili ina vishimo vinne, A, B, D na kontroli, na picha imefika kwenye simu yako.

Kwanza usiangalie damu kabisa

Najua jicho linakimbilia kwenye mabonge, lizuie kidogo. Swali la kwanza ni kishimo kipi ni kipi. Kama herufi zimeandikwa kwenye taili kwa maka peni na zinasomeka, vizuri, ila angalia zisomeke kwa uelekeo sahihi. Kamera ya mbele ya simu, ile ya selfi, simu nyingi zinageuza picha kulia kuwa kushoto, na mtu mwenye taili mkono mmoja anaweza kabisa kupiga na kamera hiyo bila kufikiria. Herufi B ikionekana imegeuka nyuma mbele basi taili nzima imegeuka. Herufi A peke yake haitakuambia maana A ukiigeuza inabaki A. Na kama taili haina herufi, mpimaji anasema tu "kuanzia kushoto ni A, B, D", usisome, mwambie aandike arudie, kwa sababu kushoto kwake wakati anadondosha si lazima iwe kushoto kwenye picha, taili inaweza kuwa imezungushwa upande wa pili.

Kuna msaada wa pili ambao ni rangi ya vitendanishi. Anti-A ni ya bluu, anti-B ni ya njano, anti-D kwa kawaida haina rangi. Ukikuza picha pembeni ya kishimo, pale ambapo maji ni mengi kuliko damu, kishimo cha A kitakuwa na kaubluu au kazambarau na cha B kitavuta kwenye unjano. Ikikubaliana na herufi, endelea. Ikipingana, simama hapo hapo, haijalishi mabonge ni mazuri kiasi gani, kwa sababu kuna uwezekano kadondosha chupa siyo. Ila rangi usiitegemee peke yake, picha iliyopigwa chini ya balbu ya njano au tochi ya simu umeme ukiwa umekatika inaharibu rangi zote, na simu nyingi zinajiongezea rangi zenyewe.

Kingine cha haraka haraka: kwenye picha iwepo namba ya maabara ya sampuli, siyo jina la mgonjwa, na iwepo namba ile ile kwenye tyubu iliyowekwa pembeni ya taili. Picha isiyo na namba ni picha ya damu ya mtu yeyote.

Uliza ilipigwa dakika ya ngapi

Hili ndilo ambalo watu hawaulizi na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye taili unaweka tone moja la kitendanishi, tone moja la damu, unachanganya kwa kijiti safi, kila kishimo na kijiti chake, unatanua mpaka kama sentimita 2 upana, halafu unainamisha taili mbele nyuma taratibu na unasoma ndani ya dakika 2. Maelekezo kamili fuata karatasi iliyomo kwenye boksi la kitendanishi chako, maana wengine wanataka damu nzima, wengine wanataka chembe zilizochanganywa na salaini kwa kiwango fulani, ila hizo dakika mbili karibu wote utazikuta.

Kwa nini dakika mbili? Kwa sababu baada ya hapo tone linaanza kukauka pembeni, hasa huku kwetu joto la Desemba feni likiwa linapuliza juu ya meza. Likikauka chembe zinajikusanya zenyewe kwenye ukingo zinafanya vipunje vidogo vidogo vinavyofanana sana na chembe zilizoshikana kweli, lakini hakuna kingamwili iliyozishika, ni maji tu yamepungua. Mpimaji anasoma kwa wakati, halafu anaanza kutafuta simu, anafungua kamera, mtandao unasumbua, picha inapigwa dakika ya sita. Yeye aliona kishimo laini, wewe unaona vipunje.

Kutofautisha kwenye picha inawezekana mara nyingi. Ukavu unaanzia ukingoni, unafanya kama duara jembamba jeusi jeusi, na katikati ya kishimo pamebaki laini kabisa. Kushikana kwa kweli hakuna habari na ukingo, mabonge yametapakaa kishimo kizima au yamesogea upande ule taili iliposhushwa. Kama vipunje viko ukingoni tu, hiyo siyo chanya, lakini pia usiandike hasi, andika rudia.

Anza na kontroli

Kwa huyo mama wetu, kishimo cha kwanza kusoma ni kontroli. Hapo kuna chembe zake na maji yasiyo na kingamwili, kwa hiyo panatakiwa pawe laini, rangi moja, hakuna kipunje. Kwake ni laini. Safi, tunaendelea.

Lakini ingekuwa kontroli ina vipunje, taili nzima imekufa, usisome hata A. Maana yake chembe za huyu mtu zinashikana bila kuambiwa, na sababu za kawaida ni mbili. Moja ni kingamwili za baridi, ambazo zinashika chembe kwenye joto la chumba na hata kule kwenye friji, hapo dawa yake ni kuziosha chembe kwa salaini ya nyuzi 37 halafu kupima upya. Ya pili ni chembe kupangana kama rundo la sarafu kwa sababu protini kwenye plazma ni nyingi, au mgonjwa amewekewa maji ya kuongeza ujazo wa damu kama dekstrani, na hii ukiziosha chembe na salaini ukarudia inaachia. Kwa picha huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na wala huhitaji kujua, kazi yako ni kusema "osha chembe, rudia".

Sasa wengi wetu tunapima bila kontroli, vishimo vitatu basi. Hapo kuna ujanja mmoja wa halali: kama angalau kishimo kimoja kati ya A, B na D kimetoka laini kabisa, hicho kinakufanyia kazi ya kontroli, kwa sababu kama chembe zingekuwa zinashikana zenyewe zingeshikana na pale pia. Tatizo linabaki kwa mtu mmoja tu, ambaye vishimo vyote vitatu vimeshikana, yaani AB chanya. Huyo hana kishimo laini cha kumtetea. Kwa hiyo mimi AB chanya ya kwenye picha isiyo na kontroli siikubali, hata mabonge yawe makubwa namna gani, mpaka irudiwe na kontroli.

A na B: angalia maji, siyo mabonge

Hapa ndipo watu wanapotumia jicho vibaya. Wanatafuta mabonge, na kwenye picha iliyobanwa na wasapu mabonge madogo yanafutika au doa la mwanga wa flashi linaonekana kama bonge. Badala yake tazama kilicho katikati ya mabonge. Chembe zikishikana kwa nguvu, maji yanayobaki yanakuwa meupe, unaona uweupe wa taili kupitia hapo. Zisiposhikana, maji yote yanabaki mekundu mazito, huoni taili.

Kwa huyo mama, kishimo cha A kina mabonge matatu manne makubwa mekundu kama matofali na kati yake unaona taili nyeupe pee. Hiyo ndiyo chanya kali, ya alama 3 hadi 4, ambapo 4 ni bonge moja zima na maji safi kabisa. Kishimo cha B ni rangi moja, nyekundu laini, hakuna uwazi wowote. Hasi. Kwa hiyo upande wa ABO chembe zake zina A, hazina B, ni kundi A. Ukipata kinyume chake ni B, vyote viwili ni AB, vyote laini ni O.

A na B zikiwa za kweli huwa haziombi msamaha, zinatokea ndani ya sekunde chache na zinakuwa kubwa. Ukiona A au B dhaifu, vipunje vidogo na maji bado mekundu, usimpe mtu kundi hilo kwa picha. Inaweza kuwa A ya aina dhaifu, inaweza kuwa mgonjwa ana maambukizi ya utumbo mkubwa ambapo bakteria wanaichokonoa A mpaka inafanana na B, inaweza kuwa kitendanishi kimekaa nje ya friji kikachoka. Na kuna moja ambayo huku kwetu tunakutana nayo kutokana na malaria na selimundu: mabonge mazuri kabisa yanaelea ndani ya maji ambayo yamebaki mekundu. Yaani chembe zingine zimeshikana zingine hazina habari. Hizo ni damu za watu wawili kwenye tyubu moja, mtoto aliyeongezewa damu juzi ya kundi O wakati yeye ni A. Ukiona picha ya namna hiyo swali ni moja tu, "ameongezewa damu lini?", na kundi lake utalipata kwenye rekodi za kabla ya kuongezewa.

Halafu kuna mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, hemoglobini 3 au 4. Tone la damu yake lina chembe chache kwa hiyo kishimo kinaonekana cheupe cheupe hata zisiposhikana, na ule ujanja wangu wa kuangalia maji unakuangusha. Kwa huyo mwambie mpimaji aache tyubu itulie au azungushe kwenye sentrifuji, achukue chembe za chini ndipo apime.

Kwa watu wazima usisahau pia kwamba taili hii ni nusu ya kipimo. Nusu nyingine ni kuchukua seramu yake uiweke na chembe za A na za B zinazojulikana. Mama wa kundi A seramu yake inatakiwa ishike chembe za B na iache za A. Nusu hizo mbili zisipokubaliana kundi halitolewi. Watoto chini ya miezi minne hawana hizo kingamwili za kwao vizuri kwa hiyo kwao mnaishia upande wa chembe tu.

D, ambapo picha inafika mwisho wa uwezo wake

Sasa kishimo cha D cha mama wetu. Hakina bonge. Lakini siyo laini pia, ukikuza unaona vipunje vidogo sana, kama unga wa muhogo uliokorogwa haraka kwenye maji, na maji yenyewe bado mekundu. Vipunje viko katikati na pembeni pia. Kontroli ni laini, B ni laini. Unaandika nini?

D kwa kawaida inachelewa kidogo kuliko A na B na mabonge yake huwa madogo zaidi, kwa hiyo haraka ya kwanza ni kusema "hiyo ni chanya dhaifu, mwandikie chanya". Haraka ya pili ni "hiyo ni takataka, mwandikie hasi". Zote mbili zina hatari na ndiyo maana nasema hapa usisome, uliza. Omba vitu viwili. Cha kwanza ni video ya sekunde 15 wakati taili mpya inainamishwa, siyo picha. Vipunje vya kweli vinasafiri na maji, vinakwenda chini vinarudi, vya ukavu vimeng'ang'ania taili havitoki. Video inamaliza ubishi mwingi kuliko picha kumi. Cha pili ni picha itumwe kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida ya wasapu, isibanwe, na izimwe ile kitu ya kulainisha sura, maana inalainisha na vipunje vya D.

Mpimaji karudia, katuma video ndani ya dakika mbili, na vipunje bado vipo, vinatembea, maji mekundu, kontroli laini. Sasa ukavu tumeuondoa. Vinabaki viwili vitatu: anti-D imechoka, au uwiano wa damu na kitendanishi haukuwa sawa, au mama ana D dhaifu kweli. La kitendanishi linajibika pale pale kituoni, achukue damu ya mtu anayejulikana D chanya na ya anayejulikana D hasi, apime na chupa ile ile. Yule chanya akishikana vizuri na yule hasi akabaki laini, chupa ni nzima. La uwiano arudie kwa kupima matone kwa dropa ile ile, siyo damu nyingi ya moja kwa moja kutoka kwenye sindano.

Vyote vikiwa sawa, taili imemaliza kazi yake na simu pia imemaliza. D dhaifu haithibitishwi kwenye taili. Sampuli ya EDTA, kifuniko cha zambarau, inapelekwa kwenye maabara yenye sentrifuji na salaini ya kuoshea, hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, pale Ligula au Sokoine Lindi, wafanye kwa tyubu na kisha kipimo cha Coombs: chembe zinakaa na anti-D kwenye nyuzi 37, zinaoshwa vizuri kwa salaini, kinaongezwa kitendanishi kinachoshika kingamwili zilizonata kwenye chembe, zinazungushwa, zinasomwa, na kontroli yake pembeni. Kontroli ikiwa hasi na D ikawa chanya ndipo mnaweza kusema D dhaifu.

Kwenye wasapu jibu lako kwa mpimaji liwe hivi, lote, usilikate:

"Sampuli namba fulani, kundi A kwa upande wa chembe, RhD haijaamuliwa, sampuli ya EDTA iletwe kwa ajili ya tyubu na Coombs, mpaka majibu yatoke mama ahesabiwe kama RhD hasi."

Hiyo sentensi ya mwisho ina sababu. Mtu ambaye D yake haieleweki, akiwa mpokeaji au mjamzito tunamchukulia kama hasi, kwa sababu akipewa damu ya D chanya anaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake na mimba inayofuata ikaumia. Akiwa mchangiaji ni kinyume, D dhaifu ni D, damu yake inawekewa lebo ya chanya, maana ikiingia kwa mtu ambaye ni hasi kweli inaweza kumchokoza. Mtu mmoja, majibu mawili kutegemea kaja kutoa au kupokea, na hii inachanganya sana hasa mtu aliyewahi kuchangia damu akapewa kadi ya chanya halafu kliniki wanamwandikia hasi. Mwelezeni mapema, mwambieni "dada kadi zote mbili ni sahihi", asije akafikiri maabara moja imekosea akaenda kupima sehemu ya tatu.

Na jibu hilo halitumiki kumwekea mtu damu hata siku moja, hata A yenyewe ambayo picha imeionyesha vizuri namna ile. Damu inatoka baada ya sampuli ya mgonjwa kupimwa kundi upya pale damu inapotolewa na kufanyiwa krosimachi na chupa husika. Picha inasaidia kuamua nani arudie na nani asafirishwe na sampuli, basi.

Kwa mama huyu kuna la kuongeza kwenye faili lake. Akichukuliwa kama hasi, na seramu yake haijaonyesha kingamwili za D, anastahili sindano ya anti-D, ile ya wiki ya 28 ambayo kwake imeshapita kwa hiyo daktari aamue sasa hivi, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni D chanya. Ndiyo maana siku ya kujifungua itachukuliwa damu ya kitovu na mtu atapima kwenye taili na pengine atapiga picha tena. Hapo mwambieni mapema: damu ya kitovu ina ute wa kamba ya kitovu ambao unashikanisha chembe zote, vishimo vyote vinaonekana chanya pamoja na kontroli, kwa hiyo aoshe chembe kwa salaini mara tatu au zaidi kabla ya kudondosha, na sampuli aivute kwa sindano kwenye mshipa wa kitovu, asikamue kitovu kwenye tyubu.